Rivyu ya Keja Yangu Juja: Kabla ya Kuuliza Rento, Uliza Nani Ananunua Tokeni za Pampu

Mafresha wako karibu kuripoti, na kila mtu ananiuliza swali moja: keja gani iko fiti Juja? Nimekaa Gachororo semesta tatu, ploti moja, dakika kumi kwa mguu hadi getini mwa JKUAT, na leo naipa rivyu kamili. Jina la ploti sitataja. Bado ninaishi hapo, na isitoshe, ploti kama yangu zimejaa kuanzia hapa hadi Kahawa Wendani, Ngara na Rongai. Ukiielewa hii moja, utazisoma hizo nyingine ukiwa bado umesimama nje.

Nianze na vipimo. Ni jengo la ghorofa nne juu ya ile ya chini, bedsita 48, rento shilingi 7,500 na dipoziti ya mwezi mmoja. Keateka analala pale pale chini. Kuna ajenti mwenye ofisi mjini, na kuna landilodi ambaye mimi sijawahi kumwona kwa macho. Tailsi ni safi, rangi ni mpya, shawa ina hita. Ukija kuangalia nyumba Jumamosi saa nne asubuhi, utaipenda. Mimi mwenyewe bado naipenda Jumamosi saa nne asubuhi.

Alama zangu ni hizi: maji 4 kwa 10, usalama 4, kelele 6, usimamizi 3. Ile ya usimamizi ndiyo nataka tuongee sana, kwa sababu hizo nyingine tatu karibu zote zinatoka humo. Ngoja nieleze.

Maji

Swali ambalo kila mtu huuliza ni "hapa kuna maji?" na jibu huwa ni "maji iko, tuko na kisima." Hilo jibu si uongo. Chini ya ploti yetu kweli kuna kisima kirefu chenye pampu, na kampuni ya maji nayo huleta kwa zamu. Shida ni kwamba kisima hakikuletei maji chumbani. Maji hupandishwa na pampu hadi kwenye matangi ya paa, halafu yanashuka yenyewe kwa paipu. Pampu inatumia stima. Kwa hivyo stima ikipotea mtaani, hakuna maji mapya. Na hata stima ikiwa imejaa mtaani, pampu ina mita yake ya tokeni, na tokeni zikiisha, hakuna maji vilevile.

Sasa tuhesabu pamoja, kwa sababu hesabu hii unaweza kuifanya ukiwa barabarani. Paa letu lina matangi mawili ya lita 5,000, kipimo kimeandikwa ubavuni mwa tangi. Hiyo ni lita 10,000. Vyumba ni 48, lakini wengi tunashea, kwa hivyo tuseme watu 70. Mtu akioga, akiflashi choo, akiosha vyombo na nguo kidogo, lita 50 kwa siku zinaenda bila yeye kujua. Watu 70 kwa lita 50 ni lita 3,500 kwa siku. Gawanya 10,000 kwa 3,500: matangi yakiwa yamejaa kabisa na pampu imezimika, tuna karibu siku tatu.

Siku tatu si mbaya, si ndiyo? Kwa karatasi, ndiyo. Lakini tangi letu moja lilikuwa na boya mbovu, ile ya kufunga maji tangi likijaa. Usiku pampu ikiwashwa, maji yalijaa, yakamwagika, yakateremka ukutani hadi mtaroni. Mzee keateka akizima pampu mapema ili maji yasimwagike, lile tangi lingine linabaki nusu. Siku tatu zikawa siku moja na kitu. Na maji yakipungua, wanaoumia kwanza ni watu wa ghorofa ya nne, hata kama tangi liko juu ya vichwa vyao. Wao ndio walio karibu zaidi na tangi, kwa hivyo maji yanawafikia bila nguvu ya kushuka. Watu wa chini wakifungua mifereji yao pamoja, paipu inavuta yote kwenda chini.

Tatizo hilo la boya unaweza kuliona kabla ya kulipa shilingi. Simama nje, uangalie ukuta chini ya matangi. Ukiona mstari wa kijani au mweusi unaoteremka kutoka paani, hayo ni maji yaliyomwagika kwa miezi, na hakuna aliyepanda kutengeneza. Kisha ingia korido na uhesabu mitungi. Kila chumba kikiwa na mtungi mmoja wa lita 20, hiyo ni tahadhari ya kawaida ya Mkenya. Mlango baada ya mlango ukiwa na mitungi mitatu, au lile pipa kubwa la buluu, majirani wamekwisha kukupa rivyu. Hawajanunua hayo mapipa kwa urembo.

Jambo la mwisho kuhusu maji: ya kisima usinywe bila kuuliza yalipimwa lini. Sehemu nyingi za Nairobi na viunga vyake zina floraidi nyingi kwenye maji ya chini ya ardhi, na kuchemsha hakuiondoi. Kuchemsha kunaua vijidudu tu. Mimi naoga na kufulia ya kisima, ya kunywa nanunua.

Tokeni za shilingi 2,000

Hapa ndipo nataka tutulie kidogo, kwa sababu kisa hiki kilinifundisha jinsi ploti inavyoendeshwa.

Jumatatu moja mwezi wa Machi, mifereji ilikauka saa moja asubuhi. Nikashuka chini.

"Mzee shikamoo, maji imeenda wapi?"

"Marahaba, msichana wangu. Tokeni za pampu zimeisha usiku."

"Si ununue tu, Mzee?"

"Ninunue na nini? Mimi napiga simu kwa ofisi, ofisi inapiga kwa mwenyewe, mwenyewe akituma ndio naweka."

Ofisi ilipokea simu saa nne. Ajenti akasema amempigia landilodi, hajashika. Jioni akasema landilodi ameshika, anatuma. Jumanne hakuna kitu. Jumatano saa tisa mchana pesa ikaingia kwa M-Pesa ya Mzee, akanunua tokeni za shilingi 2,000, pampu ikanguruma, na jioni ghorofa ya nne ikapata maji. Hakuna kilichovunjika katika hizo siku. Hakuna fundi aliyehitajika. Pesa tu ilikuwa safarini.

Sasa angalia hesabu ya upande wetu. Kijana wa mkokoteni alikuwa akiuza mtungi wa lita 20 kwa shilingi 30. Ukitumia mitungi mitatu kwa siku, ambayo ni ya kubana kweli kweli, ni shilingi 90. Siku mbili nzima, shilingi 180. Watu 70 kwa 180 ni shilingi 12,600. Yaani sisi wapangaji tulitoa mfukoni zaidi ya mara sita ya bei ya zile tokeni. Na ploti hiyo hiyo, ikijaa, inakusanya 48 mara 7,500, ambayo ni shilingi 360,000 kila mwezi. Shilingi 2,000 haikukosekana. Aliyekosekana ni mtu aliye karibu mwenye ruhusa ya kuitumia.

Ndiyo maana huwa nakasirika makomredi wakimtukana keateka kwenye grupu. Mzee hakulala. Mzee alipiga simu saa kumi na mbili na nusu, kabla hata sisi hatujaamka. Lakini Mzee hana pesa ya ploti mkononi, na ukimfokea hadi kesho bado hatakuwa nayo.

Usalama

Hapa ploti yetu inaonekana kali sana. Geti la chuma, kila dirisha lina grili, na kila korido ina mlango wa chuma unaofungwa na kufuli saa tano usiku. Wazazi wakija kuona, wanafurahi. Mamangu alishika ile grili akaitikisa, akasema, "Hapa mwizi hapiti."

Ni kweli, hapiti. Lakini grili haijui nani anaingia na nani anatoka. Muhula uliopita, saa nane usiku, jirani yangu wa ghorofa ya pili alishikwa na pumu na dawa yake ilikuwa imeisha. Rumeti wake akapiga boda, boda akafika. Mlango wa korido ulikuwa na kufuli, na ufunguo wa usiku uko mmoja tu, kwa Mzee, chini. Simu ya Mzee ilikuwa imezima chaji. Tuligonga chuma na sufuria hadi jengo zima likaamka. Ilichukua dakika ishirini kufungua. Jirani yangu yuko sawa, alifika hospitali. Lakini nilihesabu zile dakika na bado sijazisahau. Badala ya pumu, weka mtungi wa gesi unaovuja kwenye bedsita ya ghorofa ya pili, halafu uhesabu tena.

Hili si wazo la kutisha watu tu. Machi 2001, bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli kule Machakos lilichomwa usiku na wavulana 67 wakafa. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwongozo wa usalama wa shule ambao Wizara ya Elimu ilitoa mwaka wa 2008 unasema madirisha ya bweni yasiwe na grili, na milango ifunguke kuelekea nje. Lakini huo ni mwongozo wa shule. Ukimaliza kidato cha nne na kuhamia ploti ya mtu binafsi, wewe ni mpangaji tu, na hakuna mwalimu wa zamu anayekuja kukagua kama grili yako inafunguka.

Kwa hivyo kagua mwenyewe. Shika grili ya dirisha: ina bawaba na kikomeo cha ndani, au imechomelewa moja kwa moja ukutani? Yangu imechomelewa. Hesabu ngazi: kuna njia ya pili ya kushuka, au ni ile moja tu inayopita karibu na mitungi ya gesi ya watu? Kwetu ni moja. Halafu muulize keateka swali hili bila aibu: "Usiku wa manane nikitaka kutoka, ninafungua na nini?" Jibu zuri ni kikomeo kinachofunguka kwa mkono kutoka ndani bila ufunguo, au kila chumba kuwa na nakala yake. Jibu la "unaniamsha tu" maana yake ni kwamba uhai wako umefungwa kwenye chaji ya simu ya mtu mwingine.

Na kitasa cha mlango wako kibadilishe siku unayohamia, kwa pesa yako ikibidi. Wapangaji wa kabla yako walikuwa na ufunguo huo huo, na hakuna anayejua walitengeneza nakala ngapi. Pale kwetu laptopu moja ilitoweka chumbani mchana, na mlango haukuwa na hata mkwaruzo.

Kelele

Hapa nitapita haraka kwa sababu ploti yetu si mbaya sana. Tuko mbali kiasi na klabu za mjini. Usiku tunasikia pampu, milango ya chuma inayobamizwa, na jirani mmoja mwenye sabufa anayeamini sote tunapenda gengetoni Jumanne usiku.

Usitegemee kusikia kelele ukija kuangalia nyumba mchana. Rudi Ijumaa saa nne usiku, usimame nje ya geti dakika kumi. Rudi Jumapili asubuhi kama kuna kanisa la mabati karibu. Ukiwa ndani ya chumba, gonga ukuta unaokutenganisha na jirani. Ukisikia mlio wa utupu kama wa kabati, huo ni ubao, na utajua maisha yake yote ya mapenzi kabla ya wiki ya kati ya semesta.

Kuna kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira. Zinakataza kelele kubwa isiyo na sababu inayosumbua wengine, na usiku wao unaanza baada ya saa mbili, si saa sita kama wasee wa sabufa wanavyodhani. Lakini kwa kweli hutaenda kushtaki jirani kwa wimbo. Kinachofanya kazi ni sheria ya ploti iliyoandikwa na mtu wa kuitekeleza. Ile sabufa ilitulia Mzee alipopanda mwenyewe na kugonga. Hiyo haikuhitaji pesa ya landilodi, ndiyo maana ilifanyika usiku ule ule. Kumbuka hilo, linaturudisha kwa jambo kubwa.

Usimamizi: kujibiwa na kutengenezewa

Tangu Januari hadi Aprili niliandika kila kitu nilichoripoti. Daftari la kawaida, safu tatu: siku niliyoripoti, siku niliyojibiwa, siku kilichotengenezwa. Niliripoti vitu tisa. Nilijibiwa ndani ya siku moja mara nane, manze, na kwa upole kabisa. "Poa, tunashughulikia." Ukiangalia safu ya pili peke yake, ungeipa hii ploti tisa kwa kumi.

Safu ya tatu ndiyo yenye habari. Vitu vitatu vilitengenezwa ndani ya wiki: taa ya ngazi, mfereji uliokuwa unadondoka, na kufuli la geti. Viwili vilichelewa: tokeni, ambazo ziliisha mara ya pili na kukaa siku nne, na boya ya tangi, iliyobadilishwa baada ya wiki tano. Vinne havijaguswa hadi leo: ufunguo wa usiku, grili, paa linalovuja juu ya ghorofa ya nne, na nyaya za stima zilizo wazi karibu na mita.

Nilipovipanga hivyo nikaona mstari ulipopita. Vitatu vya haraka, kila kimoja kilikuwa chini ya shilingi 500. Nikamuuliza Mzee, akacheka, akaniambia ukweli: ofisi inamwachia shilingi mia tano za vitu vidogo, zikiisha anaomba nyingine. Chochote cha juu ya hapo kinapanda ngazi ile ile ya simu, kutoka kwake hadi kwa ajenti hadi kwa landilodi, na kinashuka polepole. Kumbe upole wa majibu haukuwa na uhusiano wowote na kasi ya kazi. Tulikuwa tunajibiwa na watu ambao hawawezi kuamua.

Najua upande wa pili pia una maneno yake, na mengine ni ya kweli. Sisi wanafunzi tunahama usiku na rento ya miezi miwili, tunaingiza watu wanne kwenye bedsita ya mmoja halafu tunashangaa maji kuisha, na likizo ndefu ikifika ploti inabaki nusu tupu. Keateka aliyepewa pesa nyingi naye anaweza kuila. Landilodi anayeshikilia mfuko si lazima awe mtu mbaya. Lakini kuna njia ya katikati isiyomgharimu: tokeni za pampu zinunuliwe siku ambayo rento inaingia, kabla hazijaisha, na ajenti apewe kiwango cha kutumia bila kuuliza, kisha alete risiti. Tokeni zinajulikana zitaisha, na mita inaonyesha zimebaki ngapi. Hiyo si dharura, ni kalenda.

Sheria itakusaidia wapi

Kidogo, na ni vizuri ujue mapema. Sheria yetu ya kudhibiti rento, ile yenye mahakama yake ya wapangaji, inahusu nyumba za rento isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Bedsita ya 7,500 iko nje. Kinachokulinda basi ni mkataba wako, na mikataba mingi ya hosteli ina kurasa mbili za unachokatazwa wewe na sentensi moja ya wanachodaiwa wao.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, omba waongeze mistari mitatu. Maji yakikatika kwa sababu ya tokeni au pampu, yarudi ndani ya saa 24. Mlango wa korido ufunguke kutoka ndani usiku. Dipoziti irudishwe ndani ya idadi fulani ya siku baada ya kuhama, na makato yaandikwe. Wengi watakataa kugusa fomu yao, hasa wakati huu vyumba vinagombaniwa. Basi waulize kwa meseji ya WhatsApp na uhifadhi majibu pamoja na risiti zako za M-Pesa. Meseji "ndio, dipoziti unarudishiwa ukihama" ina maana kubwa siku wakikukana. Dipoziti ikiliwa, kuna Mahakama ya Madai Madogo, inayopokea madai ya hadi shilingi milioni moja na ambayo sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Huhitaji wakili. Unahitaji karatasi zako.

Basi nihamie hapo au la?

Ploti yangu inapata 4 kwa 10. Ningependa kuipa zaidi, kwa sababu Mzee ni mtu mzuri na tailsi ni safi. Ukiwa na chumba cha ghorofa ya chini au ya kwanza, mitungi miwili iliyojaa kila wakati, na kitasa kipya, utaishi. Ghorofa ya nne simshauri mtu hadi paa litengenezwe. Na kama una pumu, kifafa au ugonjwa wowote unaoweza kukutoa nje usiku, tafuta kwingine hadi lile kufuli libadilishwe. Hapo sibishani na mtu.

Kwa ploti nyingine yoyote, nina swali moja ninalouliza kabla ya rento. Namuuliza keateka, ajenti akiwa hayupo: "Mzee, tokeni za pampu zikiisha saa hii, nani ananunua, na pesa inatoka wapi?" Akisema "mimi, nina pesa ya ploti hapa," au "zinanunuliwa kila mwanzo wa mwezi," endelea kuangalia chumba. Akianza na "napiga simu kwa ofisi," hesabu mitungi kwenye korido ukitoka. Utakuta inalingana na jibu lake.

Mtu wa ghorofa ya nne anayesoma hii, nakuona. Maji yamerudi saa hii. Jaza kila kitu.